Ngege wa kukaanga: kumfuta tu, au kumfuta na kumpaka unga?

Jijini Kisumu wapo wanaomfuta ngege kwa kitambaa na kumtia chumvi tu, na wapo wanaompaka pia unga wa ngano. Kwa njia ya kwanza ngozi hugusa chuma moja kwa moja, hivyo kikaango sharti kipashwe moto vizuri, na samaki atiwe ndani mafuta yanapoanza kumetameta. Majimaji yaliyojificha tumboni na kwenye chale huyapoza mafuta hayo, na ngozi hunata kabla haijakauka. Unga huweka utando kati ya ngozi na chuma, ndiyo maana huwafaa wenye sufuria nyembamba za alumini zisizotunza joto. Hata hivyo, ukipakwa juu ya samaki mwenye maji, au mapema mno, hugeuka uji na kubanduka pamoja na ngozi.

Kwa njia zote mbili, samaki asiguswe kwa dakika tatu au nne za mwanzo. Tikisa kikaango: akiteleza, mgeuze, aking'ang'ania, mwache kwanza, kwani ukimlazimisha nyama itavunjika. Ikiwa ataingia kwenye mchuzi wa nyanya, mimi humwacha bila unga, usije ukambanduka na kuufanya mchuzi uwe mzito.