Injini ya pili ya kutafutia: ipi inafaa kuongezwa kwenye simu yako

Kabla ya kuchagua, jua nani ana faharasa yake. Faharasa ni orodha ya kurasa ambazo roboti za injini zimezipitia na kuzihifadhi, na majina mengi hukopa ya wenzao. DuckDuckGo na Yahoo hutegemea zaidi Bing. Startpage hutegemea zaidi Google. Miongoni mwa wenye faharasa zao ni Google, Bing, Brave na Mojeek ya Uingereza. Kwa hiyo aliyekosa kitu Bing akakimbilia DuckDuckGo, mara nyingi amebisha hodi mlango uleule.

Kwa matumizi ya kila siku tunaweka DuckDuckGo kwanza: haihifadhi historia ya unachotafuta, na ukianza swali na `!g` inakupeleka Google papo hapo (huko, bila shaka, Google inakuona). Ya pili ni Startpage, kwa anayetaka matokeo ya Google bila Google kumjua. Ya tatu ni Brave, na kama injini ya akiba ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu haikopi. Google inabaki bingwa wa kurasa za Kiswahili na biashara ndogo, ila faragha ndiyo bei yake. Dirisha fiche halikufichi kwake, haliachi tu historia ya dirisha hilo kwenye simu yako. Mojeek faharasa yake ni ndogo, lakini huibua tovuti ambazo wengine wamezizika. Kagi ni ya kulipia, na kwa wengi wetu si lazima.

Tuseme unatafuta nyumba ya wageni ya Pangani uliyowahi kuona tovuti yake. Jina umelisahau, unakumbuka tu kwamba anwani iliishia na .co.tz. Andika hivi, `site:` ibane matokeo kwenye anwani za aina hiyo:

```
site:co.tz Pangani "nyumba ya wageni"
```

Ikija mitandao ya kuuza vyumba tu au usipate kitu, badilisha maneno mara moja, weka "guest house", maana wenye tovuti wengi huandika Kiingereza. Bado hakuna? Sasa ndipo uhamie faharasa nyingine: kutoka DuckDuckGo nenda Google, kisha Brave. Tovuti changa, au isiyo na viungo kutoka kwingine, inaweza kuwa imefikiwa na roboti za mmoja na za mwingine bado.

Anwani ukiikumbuka, ipime kwa `site:` pamoja na jina lake kamili. Injini moja ikionyesha kurasa na nyingine isionyeshe, tatizo ni faharasa. Zote zikinyamaza, kuongeza injini ya nne ni kupoteza bando: huenda mwenye tovuti ameweka `noindex`, yaani agizo la kuziambia injini zisiorodheshe kurasa zake, au tovuti imekufa. Andika anwani moja kwa moja kwenye kivinjari, na isipofunguka, ipeleke web.archive.org uone kama nakala yake ya zamani ipo.