Safari ya kwanza ya winta: nunua nini kwanza, nini mwisho

Mdogo wangu anaenda Minneapolis, Marekani, Januari, na kitu cha kwanza alichonitumia ni picha ya koti kubwa, eti nimwambie kama linatosha. Nikamwambia koti ni namba tatu. Kule Januari mchana kwa kawaida ni kama digrii -4 za Selsiasi, usiku -13 hivi na siku mbaya inashuka zaidi ya hapo, kwa mtu wa Dar hiyo ni baridi ambayo mwili hauijui kabisa, so hela ikiwa kidogo ipangilie hivi.

Namba moja ni buti. Unasimama kwenye barafu kituoni dakika kumi na tano na baridi inapanda kupitia soli, koti liwe zuri vipi halisaidii hapo. Tafuta buti lenye soli nene ya mpira, lisilopitisha maji, na ndani lina bitana la manyoya, likiwa la kuchomoa ndo bora zaidi maana usiku unalitoa likauke. Kosa la watu wengi ni saizi. Wanajaribu na soksi nyembamba, linabana vizuri wanafurahi, afu wakivaa soksi nene damu haifiki vidoleni na ile hewa ya kutunza joto haipo tena. Jaribu ukiwa na soksi nene ya sufu, vidole vicheze mbele. Soksi ni moja tu, usirundike mbili ndani ya buti lililobana. Mi buti ningenunulia kulekule, dola 80 hadi 150 unapata la maana, ilimradi kuna mtu anakuja kukupokea na gari.

Namba mbili, nguo inayogusa ngozi, na hapa ndo nilipoumia mwenyewe. Winta yangu ya kwanza nilivaa tisheti tatu za pamba, jinzi na koti, nikatembea haraka kuwahi basi mpaka nikatoka jasho, basi likachelewa. Pamba inanyonya jasho na haikauki, kwa hiyo nilikuwa nimesimama kwenye baridi kali nimevaa kitambaa chenye maji, na maji yanakunyang'anya joto haraka kuliko hewa kavu, nilitetemeka mpaka meno yanagongana. Bora kuliko zote ni sufu ya merino, inabaki na joto hata ikiwa na unyevu na hainuki upesi, ila ghali, nguo ya juu tu inaweza kufika dola 70. Ya pili ni poliesta, seti ya juu na chini kwa dola 25 hivi, inakauka haraka lakini inashika harufu, kwa safari ya wiki mbili mi ningechukua seti mbili za hii. Pamba ya mwisho kabisa, yaani lebo ikisema koton rudisha hata kama muuzaji anasema ni ya baridi. Nguo hiyo ya ndani ikae karibu na mwili bila kubana.

Sasa koti. Lifunike makalio, liwe na kofia, na zipu iwe na kifuniko cha kuzuia upepo. La manyoya ya bata ni jepesi na lina joto zaidi, ila likilowa linalala na joto linaondoka, la poliesta ni zito kidogo lakini linavumilia theluji ya majimaji. Kwa Karume au Gikomba unaweza kupata zuri sana, ila lipime: likunje kwa ngumi, liachie, likirudi kuvimba ni zima, ukishika ukakuta mabonge huku kwingine kutupu achana nalo. Na lijaribu ukiwa na sweta ndani.

Namba nne glovu, chukua zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, vinapashana joto kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Za vidole vitano nyembamba vaa ndani yake kwa ajili ya simu.

Flisi, ile sweta laini ya kuvaa katikati ya nguo ya ndani na koti, usiitolee hela nyingi, ya mtumba inatosha. Kazi yake ni kushika hewa, na ndo utakayovua ukiingia ndani, maana majengo yana hita, digrii 20 na zaidi, ukibaki na kila kitu unatoka jasho afu unarudi nje umelowa. Ukitembea fungua zipu kabla hujatoka jasho, ukisimama funga.

Kidole kikifa ganzi, ngozi ikawa ngumu au ya kijivujivu, ingia ndani, usikisugue, kitie kwenye maji ya vuguvugu, kisiporudi nenda hospitali.

Na koti, glovu, kofia na seti moja ya ndani ziwe kwenye begi la mkononi, kwa sababu begi kubwa linaweza kubaki Doha au Amsterdam wewe umeshafika.