Kwa nini nilifuta mfano wa kwanza wa gemu yangu

Mfano wa kwanza ulisogeza mhusika kila fremu ilipochorwa, kwa kuzidisha kasi na muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Ni njia nyepesi, na kwenye kompyuta yangu ilikwenda vizuri kabisa. Kisha rafiki akaijaribu kwenye simu yake, akakwama ukingo wa kwanza.

Nilikaa na hesabu usiku kucha. Mhusika anaruka kwa mita 10 kwa sekunde, mvutano ni 20, kwa hiyo angepaswa kufika mita 2.5. Kwa fremu 60 kwa sekunde alifika 2.42, kwa fremu 30, 2.33 tu. Ukingo ulikuwa mita 2.4. Hatua ikirefuka, kosa la hesabu nalo linakua.

Mfano mpya una hatua isiyobadilika. Muda halisi unawekwa akibani, na fizikia inakatiwa vipande vilevile kwenye kila kifaa:

```
akiba += min(muda, 0.25)
while akiba >= HATUA:
    fizikia(HATUA)
    akiba -= HATUA
```

HATUA ni 1/60. Ile `min` ni muhimu: bila hiyo, simu iliyolemewa hudaiwa hatua nyingi zaidi kila fremu hadi inaganda. Gharama ya hatua isiyobadilika ni kwamba picha hutetemeka kidogo usipokadiria mahali pa mhusika kati ya hatua mbili.

Kuukarabati ule wa zamani nilijaribu. Lakini muda wa fremu ulikuwa umepenya kila faili, hata saa za maadui, nikaona kuandika upya ni salama zaidi.