Kitafuta waya cha toni na probu: kinaonyesha kweli mwisho wa kebo iliyofukiwa ukutani?

Haya wadau, karibuni tena. Leo niko Mwanga hapa Kigoma, kwenye gesti moja ya ghorofa, na hiki mkononi ndicho kile kifaa mlichoniomba nikipime kazini na sio mezani. Viko viwili kwenye pochi: hiki kiboksi kinatuma mlio kwenye waya, kina klipu mbili, nyekundu na nyeusi, na hiki kingine kama kalamu nene ndiyo probu, inausikia ule mlio bila hata kugusa shaba. Vyote vinatumia betri ya volti 9. Mi nimechukua cha bei ya chini maana ndicho mafundi wengi tunachoweza kununua, na swali langu ni moja tu, je, kikikwambia kebo ni hii, umwamini?

Sasa angalieni hapa chini ya ngazi. Kebo kumi na nne, zote za kijivu, hakuna hata moja yenye lebo, fundi aliyezivuta hayupo tena mjini. Chumba namba 7 juu hakina intaneti na mama mwenye gesti anataka wageni wake wapate leo leo. Kwa hiyo tunaanzia juu, kwenye soketi ya chumba.

Kabla hujafunga klipu yoyote, pima na mita kwanza. Huku kwetu redio nyingi za intaneti za juu ya paa zinalishwa umeme wa volti 24 kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao, na umeme huo hauulizi kitu, upo muda wote, kawaida unapita kwenye jozi ya bluu na jozi ya kahawia. Ukifunga kiboksi hapo unaweza kukiua. Na waya wa umeme wa nyumba, ule wa volti 230, usiuguse kabisa na kifaa hiki, hakijatengenezwa kwa kazi hiyo. Nimepima, hakuna kitu, tunaendelea.

Hapa sasa ndo penye utamu wenyewe, sikilizeni vizuri. Watu wengi wanafunga klipu moja kwenye waya wa chungwa na nyingine kwenye mwenzake mweupe-chungwa, halafu wanashuka chini wanasikia mlio hafifu wanasema kifaa feki. Sio feki. Hizo nyaya mbili zimesokotwa pamoja makusudi ili kelele ya mmoja ifutwe na ya mwenzake, kwa hiyo na mlio wako nao unafutwa hukohuko njiani. Funga moja kwenye chungwa, nyingine kwenye jozi tofauti, mfano kahawia. Sikia tofauti. Umesikia? Ule mlio wa wiu-wiu unatoka hadi nje ya plasta na probu iko mbali na ukuta.

Tunashuka. Kwanza mama ameniruhusu nichomoe kebo zote kwenye swichi ya mtandao, na hii sio hiari kwa kifaa cha aina hii. Ndani ya kila poti ya swichi kuna vikoili vidogo na vizuizi, mlio wako ukifika pale unamezwa, kebo unayoitafuta ndiyo inakuwa kimya kuliko jirani zake. Ukiona kebo moja kwenye fungu iko kimya kupita kiasi na imechomekwa, ichomoe halafu sikiliza tena.

Nimechomoa zote, naweka probu kwenye fungu na... zote zinalia! Hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Kebo hizi zimefungwa pamoja na kupita bomba moja toka juu hadi hapa, kwa hiyo mlio unaruka kutoka kwa yenyewe kwenda kwa jirani. Dawa yake ni hii: zitawanye ncha kama vidole, punguza sauti ya probu hadi karibu na mwisho, halafu gusa kila ncha peke yake na kile kidomo cha probu. Ona sasa, nyingi zimekufa. Zimebaki mbili, hii yenye plagi na hii iliyokatwa wazi, na masikio yangu yanasema zinalingana, mi siwezi kukudanganya kwamba moja imezidi.

Hapo usibahatishe. Kebo hii iliyo wazi nimeimenya, nachukua waya wa chungwa na wa kahawia, zile zile nilizofunga klipu juu, probu iko palepale, nazigusanisha... kimya. Naziachia, inalia. Nagusanisha, kimya tena. Ile nyingine nimeifanyia hivyohivyo, mlio haubadiliki hata kidogo, maana yake inapokea tu kelele ya jirani. Kebo ya chumba 7 ni hii, naandika lebo sasa hivi. Kwa ile yenye plagi, usiikate, chukua jeki ya ukutani, unganisha namba 2 na namba 8 kwa kipande cha waya, ndiyo chungwa na kahawia kwa mpangilio wa B, halafu unaichomeka na kuichomoa huku unasikiliza. Kaa nayo mfukoni, itakuokoa sana.

Sasa kesi ya pili, soketi ya mapokezi. Nimefunga vilevile, nimerudi kwenye lile fungu chini ya ngazi, hakuna inayolia na hakuna inayokufa nikigusanisha. Basi mwisho wake haupo pale. Nimebadilisha: klipu moja kwenye chungwa, nyingine kwenye waya wa ethi unaoingia kwenye fimbo iliyochomekwa ardhini hapo nje, na sauti ya probu nimeipandisha. Hivi mlio unatawanyika zaidi na ndivyo unavyoufuata ukutani. Unapanda wima, unafika juu, unaingia kwenye dari ya jipsamu ya korido. Kando ya taa hii ukatanuka, badala ya mstari mwembamba imekuwa eneo zima kama sahani, na ukisogea mbele kidogo tu unazimika. Hiyo ni dalili ya kebo iliyokunjwa ikaachwa. Nikazima umeme wa korido, nikashusha taa, nikaingiza mkono, roli hiyo hapo, haijawahi kufika popote.

Halafu ule mlio mwingine mzito wa mmm usiobadilika, huo ni umeme wa nyumba, usiufuate. Probu haichagui, chenye umeme karibu yake inakisikia. Ukikuzidi, zima saketi ya upande huo. Na kebo ikipita ndani ya bomba la chuma probu haisikii kitu hadi inapotokea upande wa pili, bomba la plastiki halina shida.

Hukumu yangu: kwa kebo zisizo na umeme, kwenye gesti, nyumba, shule, kinafanya kazi na ninakinunua tena. Tundu la spika za masikioni ni zuri mno, korido ina kelele. Kitufe cha probu lazima ukishikilie muda wote, kidole kinachoka, hilo silipendi. Betri ikishuka mlio unafifia taratibu bila onyo lolote, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kebo mezani kabla hujapanda ngazi. Ila kama kazi zako ni ofisi ambazo swichi haiwezi kuzimwa mchana, hiki hakikufai, tafuta zile za kidijitali zinazosikika hata kebo ikiwa imechomekwa, ni ghali lakini ndiyo kazi yake. Na mlio kufika haimaanishi kebo ni nzima, chumba 7 bado nakrimpu plagi na kupima nyaya zote nane kabla sijamwambia mama awaite wageni.