Nimeuziwa meko, nikaletewa taa iliyofichwa nyuma ya picha ya moto

Mteja wangu ni mama aliyekulia Limuru, meko ya sebuleni anayajua tangu utotoni. Juzijuzi nilimtumia picha ya sebule tunayomchorea, niliyoitoa Blender, nikiwa nimeweka modeli ya meko na dohani niliyoinunua mtandaoni. Akaitazama, akasema: "Mwanangu, huu si moto wa kuni. Kuna taa mmeficha humo." Nilinyamaza, maana nilipofungua modeli nilikuta ni kweli.

Muuzaji amebandika picha ya ndimi za moto kwenye bapa lililosimama nyuma ya magogo, halafu mbele ya magogo akaficha taa ndogo, Radius yake 0. Kwa hiyo vivuli vya magogo vinaangukia ukuta wa nyuma, kingo zake kali kama zimekatwa kwa wembe, ilhali moto unaouona uko upande huohuo wa nyuma! Moto wa kweli ni mpana, vivuli vyake huja sakafuni kuelekea kwako, laini, na mwanga ni wa rangi ya asali. Wake ni mweupe kama wa ofisini.

Lakini kilichonichoma roho ni masizi. Amepaka ndani kote, weusi tii, sawasawa. Huyu hajawahi kuinama mbele ya meko. Pale moto unapoyapiga matofali ya nyuma kwa nguvu, masizi yenyewe huungua na tofali hubaki limepauka. Weusi hukaa juu ya hapo, pembeni, na chini ya kizingiti pale moshi unapoponyoka kuja sebuleni. Tena masizi si weusi wa sifuri. Hurudisha mwanga kidogo, kama asilimia 3 au 4. Ukiweka sifuri, unapata shimo.

Nilimwandikia kwa adabu. Akanijibu kwa mstari mmoja, kwamba nirekebishe skrini yangu. Skrini yangu!

Niliifuta ile taa. Ndimi na makaa nikayaacha yatoe mwanga yenyewe, rangi nikaipata kwa nodi ya Blackbody kwenye 1900, kisha nikaongeza taa moja dhaifu nyuma ya magogo, Radius 0.2, ili picha isijae chenga. Masizi nikayapaka upya kwa mkono, usiku kucha. Mama akaona: "Hapa sasa naweza kuota moto."

Nilitaka kutoa nyota moja. Haki yake ni kwamba matofali ameyatengeneza vizuri sana, udongo kati yake umemomonyoka palepale unapomomonyoka, na dohani ina uzito wa jiwe. Basi nyota tatu. Hapana, mbili. Kila nikisoma tena ule mstari wa skrini, mkono unaenda kwenye moja.