Kiondo cha shilingi 2,400: tupige hesabu pamoja

Habari zenu, watazamaji wangu. Hiki hapa ni kiondo cha katani kutoka kwa chama cha akina mama wa Kitui. Nilikinunua kwa sababu ya maelezo waliyoandika chini ya picha: “Kimesukwa kwa mkono, siku nne. Bei 2,400, na msusi anapata 1,300. Bei ya haki.” Wauzaji wengi hawathubutu kuonyesha hesabu zao hivyo. Hongera kwao.

Kwanza kiondo chenyewe. Ona, nikikiweka mezani kinasimama bila kuegemea kitu. Nikikiinua kwenye mwanga wa dirisha, sioni matundu. Mistari imebanana kuanzia kitako hadi ukingo. Nimebeba kilo nne za viazi na mikanda ya ngozi haijalegea. Kasoro ni moja. Nimesugua huu mstari mwekundu kwa kitambaa cheupe chenye maji, na haya, kitambaa kimeshika rangi. Katani haikusuuzwa vya kutosha baada ya kuchemshwa na rangi. Msivae nguo nyeupe nacho mwezi wa kwanza.

Sasa turudi kwenye zile siku nne. Nilimpigia mama mmoja wa chama nikamuuliza: siku nne ni pamoja na kusokota? Akacheka. “Kusokota si kazi, mwanangu. Tunasokota hata tukienda sokoni.”

Hapo ndipo penye shida. Kabla ya kusuka, jani la mkonge linaparuzwa mpaka zibaki nyuzi, nyuzi zinaanikwa, kisha zinasokotwa juu ya paja, uzi baada ya uzi. Kwa kiondo hiki, mama alikadiria kwamba kusokota peke yake kulichukua saa kama 24, vipande vipande, jioni na njiani. Kusuka nako ni saa sita kwa siku, mara siku nne: 24 nyingine.

Gawanya 1,300 kwa 24, unapata shilingi 54 kwa saa. Gawanya kwa 48, inabaki 27. Zile 1,100 nyingine hazina siri: katani 300, rangi 100, fundi wa mikanda ya ngozi 500, mfuko wa chama 200. Hakuna anayemla mwenzake hapo. Ni kwamba nusu ya kazi haikuandikwa, na mnunuzi hawezi kulipia asichokiona.

Nilimwambia mama abadilishe maneno yale. Tumeyaandika pamoja kwenye simu, na leo asubuhi ameyaweka chini ya picha mpya: “Saa 24 za kusokota, saa 24 za kusuka. Msusi anapata 1,900. Vifaa, fundi na chama 1,100. Bei 3,000.”

Mimi nimeagiza cha pili, kwa bei hiyo mpya. Bila nyekundu.