Uzoefu wangu na chaneli ya Telegramu inayouza «mechi za uhakika»: nyota moja kati ya tano

Huduma ninayoitathmini hapa ni chaneli ya Telegramu ambayo mwenye nayo hujiita Profesa na hudai kupokea matokeo ya mechi zilizopangwa moja kwa moja kutoka kwa watu wa ndani ya vilabu vya Ulaya. Mwenzangu kazini alikwisha kulipia shilingi 40,000 kwa mechi moja aliponionyesha. Nami, kwa laini yangu na bila kusema kwamba tunafahamiana, nikamwandikia Profesa na kulipia mechi ileile, kwa sababu nilitaka kuona kama wateja wawili wataambiwa jambo moja.

Hatukuambiwa jambo moja. Bidhaa yenyewe ilikuwa ubashiri wa HT/FT, yaani wa matokeo ya mapumziko na ya mwisho wa mchezo kwa pamoja. Mwenzangu aliandikiwa 1/2, maana yake wenyeji waongoze mapumzikoni kisha wageni washinde. Mimi niliandikiwa 2/1, kinyume chake kabisa, na kila mmoja wetu aliapiwa kwamba fedha za waamuzi zimekwisha kulipwa. Odi ya chaguo lake ilikuwa 28, na yangu haikuwa mbali na hapo. Wauzaji hawa wanapenda soko hili kwa sababu odi kubwa huvutia macho, lakini odi ya 28 inaeleza pia kwamba kampuni ya kubeti inaona nafasi ya tokeo hilo kuwa chini ya moja katika ishirini na nane.

Wenyeji wakaongoza mapumzikoni. Ndani ya dakika chache Profesa alimwandikia mwenzangu kwamba kipindi cha kwanza kimekwenda kama alivyosema, na kwamba nafasi chache za mechi ya kesho zimebaki kwa atakayelipa kabla ya kipindi cha pili kuanza. Mimi sikuandikiwa neno. Mchezo ukaisha kwa ushindi wa wenyeji walewale, kwa hiyo sote wawili tulikosa. Lakini nadhani ujumbe ule wa mapumzikoni ndio uliokuwa biashara yenyewe, kwa kuwa mteja hufungua pochi kwa urahisi zaidi wakati mkeka wake bado unapumua.

Mgawanyo huu wa wateja una sura nyingine iliyo hatari zaidi, nayo hutumika kwenye ubashiri wa kawaida wa 1, X na 2. Chukua watu 900 wanaopewa ubashiri wa bure: 300 wanaambiwa wenyeji watashinda, 300 sare, 300 wageni. Tokeo lolote litakalotokea, watu 300 wamepata. Hao wakigawanywa tena kwenye mechi ya pili, wanabaki 100 ambao wameshuhudia kwa macho yao mtu akipatia mara mbili mfululizo, na hawana njia ya kujua habari za wale 800. Ndiyo maana siridhiki mtu anaponiambia kwamba alijaribu ya bure kwanza ikakubali. Jaribio la maana ni watu wawili wasiojulikana kuwa pamoja kuuliza mechi moja na kulinganisha majibu.

Jambo la pili nililolichunguza ni kumbukumbu ya chaneli, ambayo kwa kuitazama haraka ilionekana kujaa ushindi mtupu. Kila ujumbe wa chaneli ya Telegramu una namba yake, na namba hizo hupanda kwa mfuatano. Ukinakili kiungo cha ujumbe, namba hiyo huonekana mwishoni, kwa mfano:

```
t.me/jina_la_chaneli/412
```

Niliponakili viungo vya ujumbe uliofuatana kwenye skrini nikakuta 412 inafuatwa na 431. Pengo dogo halithibitishi kitu, kwa sababu picha zilizotumwa kwa pamoja huchukua namba kadhaa na taarifa kama ya kubandika ujumbe juu nayo huhesabiwa. Mapengo makubwa yanayojirudia kila baada ya siku ya mechi ni habari nyingine: yaliyokosa yamefutwa, na Telegramu haimwachii msomaji alama yoyote ya kilichofutwa. Tangazo la mechi yetu lilikuwepo asubuhi, usiku halikuwepo. Tazama pia neno la kuonyesha kwamba ujumbe umehaririwa, hasa kwenye ubashiri unaodai kuwekwa kabla ya mchezo.

Mahali pa tangazo lile ilikuja picha ya mkeka ulioshinda wa mechi nyingine. Picha ya mkeka si ushahidi, kwa kuwa mtu mwenye kompyuta anaweza kubadilisha maandishi ya ukurasa wowote kwenye kivinjari chake, akapiga picha ya skrini, na kampuni isijue lolote. Huu wa Profesa ulikuwa umefanywa kivivu hata hivyo: dau la 100,000 kwa odi ya 28 lilipaswa kuzaa 2,800,000 kabla ya makato, lakini palikuwa pameandikwa kiasi kikubwa zaidi, na kodi ya zuio ambayo huku Tanzania hukatwa kwenye ushindi haikuonekana popote. Nilipoomba namba ya mkeka ili niitazame mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni alinipa msimbo wa kunakili machaguo, ambao unaonyesha timu zilizochaguliwa tu na hausemi kama kuna mtu aliyeweka fedha.

Nilimuuliza pia kwa nini auze kwa 40,000 kitu ambacho yeye mwenyewe angeweza kukibetia. Akasema akaunti zake zimefungiwa na makampuni. Upangaji wa matokeo upo kweli; mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wa Kakamega Homeboyz kwa njama za kupanga mechi za ligi ya Kenya, na mwaka 2011 mahakama ya Rovaniemi, Finland, ilimfunga Wilson Raj Perumal wa Singapuri kwa kuwahonga wachezaji. Lakini anayepanga kweli anategemea siri, kwani fedha nyingi zikimiminika ghafla kwenye tokeo moja odi hushuka na makampuni husimamisha soko. Kuwauzia siri hiyo maelfu ya wageni kwenye simu ni kuiharibu. Odi ya mechi yetu, kwa taarifa yako, haikutikisika tangu asubuhi hadi filimbi ya kwanza.

Kuhusu malipo, Profesa alitumia namba ya simu ya Uingereza na picha ya mzee mwenye suti, ilhali fedha zilikwenda kwenye laini ya hapa nchini, na jina lililotokea kabla ya kuthibitisha muamala halikufanana na lolote alilojitambulisha nalo. Mwenzangu alipewa laini tofauti yenye jina tofauti.

Tulipodai fedha zetu tuliahidiwa mechi ya fidia, ila kwanza ilipwe ada ya usajili ya shilingi 25,000. Hatukulipa, tukafungiwa. Siku chache baadaye mtu mwingine alimtafuta mwenzangu akijitambulisha kama mtaalamu wa kurejesha fedha za walioibiwa mtandaoni, na alikijua kiasi kamili alichopoteza, jambo ambalo mbali na sisi wawili alilijua Profesa peke yake. Naye alitaka malipo ya kuanzia. Namba zote tatu, zile mbili zilizopokea fedha na hii ya mrejeshaji, tumeziripoti TCRA kupitia 15040.